Mpangaji Akiomba Kufuga Paka

Mpangaji wa Sinza akiomba kufuga paka, mwenye nyumba amjibu kwa maandishi, akitaja paka mmoja, si “wanyama”. Sharti la kwanza ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayorudiwa kila mwaka.

Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Amana ya ziada yaweza kuwa 150,000, ya kurudishwa akihama. Kabla paka hajaingia, wote wawili wapige picha milango na nyavu za madirisha. Rangi iliyopauka kwa umri haikatwi. Wavu uliochanwa kwa kucha hukatwa kwa risiti ya fundi: ikiwa 40,000, mpangaji hurudishiwa 110,000.