Poti Imelala, Pakiti Zinasubiri

Fundi wa mtandao akiambiwa kwamba pakiti zinapotea, hukimbilia kuangalia laini inayotoka nje. Ikiwa imejaa, amepata jibu. Lakini kuna siku ataikuta laini hiyo imetulia, inatumika theluthi moja tu ya uwezo wake, na bado pakiti zinazoelekea huko zinachelewa na nyingine kutupwa. Waya ni mzima, mipangilio ni sahihi. Basi hapo hakuna budi kuifungua ruta, kwa mawazo walau, na kuangalia pakiti inavyosafiri ndani yake.

Safari hiyo ina vituo vitatu. Pakiti huingia kwa poti ya kuingilia, ambako anwani yake husomwa na kulinganishwa na jedwali la njia ili ijulikane itatokea wapi. Kazi hii ni ya haraka mno: kwenye laini ya gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa za Ethaneti huweza kufika moja baada ya nyingine kila nanosekunde 67. Kituo cha pili ni mtambo wa katikati unaozichukua pakiti kutoka upande wa kuingilia na kuzipeleka upande wa kutokea. Hapa nitauita kivushio. Kituo cha tatu ni poti ya kutokea, ambako pakiti hupanga foleni kungoja nafasi ya kuingia kwenye waya.

Foleni ya kutokea haina fumbo lolote. Poti mbili zikipeleka kwa poti ya tatu mzigo unaozidi uwezo wa waya wake, foleni itakua, bafa itajaa, na zitakazofika baadaye zitatupwa. Fumbo liko kwenye foleni ya upande wa kuingilia.

Inatoka wapi foleni hiyo, wakati jibu la pakiti iende wapi limeshapatikana? Inatoka kwenye kivushio. Ruta nyingi kubwa hutumia kivushio cha nyaya zinazokatizana: kila poti ya kuingilia ina waya wake wa mlalo, kila poti ya kutokea ina waya wake wa wima, na kila makutano yana swichi. Katika zamu moja, pakiti kutoka poti ya kuingilia A kwenda poti ya kutokea C na nyingine kutoka B kwenda D hupita pamoja bila kugusana. Lakini A na B zikitaka D kwa wakati mmoja, moja hupita na nyingine husubiri. Inayosubiri haina pa kukaa ila palepale ilipoingilia.

Kusubiri kwenyewe si kosa. Kosa ni kwamba nyuma ya pakiti hiyo kuna nyingine, na huenda hiyo inaelekea C ambako hakuna mtu. Foleni ikiwa moja, ya nyuma haiwezi kuipita iliyo mbele. Ni kama barabara yenye leni moja kila upande ambako gari la mbele linasubiri kukata kulia. Wewe unakwenda moja kwa moja, mbele ni kweupe, na bado umekwama. Huku ndiko kuzibwa na kichwa cha foleni.

Tupige hesabu, maana hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. A na B zinapokea pakiti kwa kasi kamili ya laini. Nusu ya pakiti za A zinakwenda C na nusu D, kwa kupokezana. Za B zote zinakwenda D. Kwa hiyo D inatakiwa kubeba asilimia 150 ya uwezo wake, na lazima ipoteze kitu, hilo tunalikubali. C imeombwa kubeba asilimia 50 tu, na haina sababu ya kukosa hata pakiti moja.

Sasa tuseme A na B zikigombea D, kivushio huchagua kama kwa kurusha shilingi. Pakiti ya A inayokwenda C huvuka katika zamu moja. Inayofuata, ya kwenda D, ina nafasi moja kati ya mbili kila zamu, kwa hiyo kwa wastani hutumia zamu mbili. Jumla ni zamu tatu kwa pakiti mbili, na kati ya hizo mbili ni moja tu iliyokwenda C. Yaani C inapata pakiti moja katika kila zamu tatu, asilimia 33 badala ya 50. Theluthi ya pakiti zake zimepotea kwenye bafa ya A, ilhali waya wa C ulikuwa hauna kazi theluthi mbili za wakati.

Mpangilio huu wa poti nne sikuubuni mimi. Waraka wa RFC 2889 wa mwaka 2000 umeuweka kuwa kipimo cha swichi: ukiona pakiti zinapotea kwenye poti ambayo haikusongwa, umeshaupata ugonjwa.

Je, hali huwa nafuu pakiti zikitawanyika kwa usawa? Kidogo tu. Kwa ruta yenye poti mbili za kuingilia na mbili za kutokea, zote zikiwa na pakiti za kutosha, vichwa viwili vya foleni hutaka poti moja katika nusu ya zamu. Nusu ya zamu hupita pakiti mbili, nusu nyingine hupita moja. Wastani ni moja na nusu, asilimia 75 ya uwezo. Kadiri poti zinavyoongezeka ndivyo hali inavyozidi kuharibika. Mwaka 1987 Karol, Hluchyj na Morgan wa Bell Labs walionyesha kwamba poti zikiwa nyingi sana, uwezo hushuka hadi mbili kutoa kipeuo cha pili cha mbili, yaani asilimia 58.6. Umelipia mia, unatumia hamsini na nane na ushee.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuiondoa kabisa foleni ya kuingilia kwa kuongeza kasi ya kivushio. Kwa poti 16 za gigabiti 10, bafa ya poti moja ya kutokea ingepaswa kuweza kuandika pakiti 16 ndani ya zile nanosekunde 67, takriban nanosekunde nne kwa kila moja. Kumbukumbu ya kawaida ya DRAM haifui dafu hapo. Katika vifaa vidogo inawezekana, na ndiyo maana swichi nyingi za ofisini, ambazo poti zake zote hutumia kumbukumbu moja, haziugui ugonjwa huu.

Dawa iliyoshinda ni ya kupanga, si ya kukimbiza. Kila poti ya kuingilia huweka foleni tofauti kwa kila poti ya kutokea. Poti 16 zinazaa foleni 256, lakini hizo ni orodha tu ndani ya kumbukumbu ileile. Anayesubiri D hamzibii tena anayekwenda C. Kazi ngumu inahamia kwa mpangaji, ambaye kila zamu lazima aoanishe poti za kuingilia na za kutokea. Nick McKeown aliitengenezea kanuni iitwayo iSLIP: poti za kuingilia huomba, za kutokea huiruhusu moja kwa mzunguko, kisha za kuingilia hukubali ruhusa moja. Ruta za Cisco 12000 ziliitumia.

Ukienda kununua ruta yenye poti nyingi za kasi, usiishie kuuliza jumla ya gigabiti iliyoandikwa kwenye karatasi. Muulize muuzaji kama poti ya kuingilia ina foleni moja au ina foleni kwa kila poti ya kutokea, na umwombe matokeo ya kile kipimo cha poti nne.