Wastani wa Siku Tatu Usiodanganya Mwanzoni

Mfugaji anaandika lita za maziwa kila siku kwenye jedwali la Excel au Google Sheets. Safu B ina kichwa katika B1, kisha B2 hadi B6 zina 12, 15, 9, 18 na 12. Namba hizi zinapanda na kushuka kila siku, kwa hiyo katika safu C anataka kuona wastani wa siku tatu za mwisho, unaosogea kila siku mpya inapoongezwa.

Kuanzia siku ya tatu hakuna shida. Katika C4 anaandika `=AVERAGE(B2:B4)`, anapata 12, kisha anaiburuta fomula chini apate 14 na 13. Tatizo liko juu, kwenye C2 na C3, ambako siku tatu bado hazijatimia.

Wengi hujumlisha kilichopo na kugawa kwa tatu. Hapo siku ya kwanza inatoa 4, ya pili 9, na ya tatu 12. Mtu akichora grafu ataamini ng'ombe ameongeza maziwa mara tatu, kumbe alianza na lita 12 tangu siku ya kwanza. Mwingine huiburuta fomula kwenda juu. C2 inaonyesha `#REF!`, maana hakuna mstari wa sifuri, na C3 inachukua B1 hadi B3. Kichwa kikiwa neno, `AVERAGE` inalipuuza na jibu, 13.5, ni sahihi, lakini kwa bahati tu. Kichwa kikiwa mwaka, tuseme 2024, nao unahesabiwa kama maziwa, na wastani unaruka hadi karibu 684.

Dawa ni kuiambia fomula irudi nyuma mistari miwili, ila isivuke mstari wa kwanza wa takwimu. Andika hii katika C2, kisha iburute hadi chini:

```
=AVERAGE(INDEX(B:B,MAX(ROW(B$2),ROW()-2)):B2)
```

`ROW()-2` inatafuta mstari wa kuanzia. Katika C2 inatoa sifuri, katika C3 inatoa 1, na `MAX` inakataa zote mbili na kushika 2. `INDEX` inaigeuza namba hiyo kuwa seli halisi, na alama ya nukta mbili inaiunganisha na seli ya siku husika. Majibu yanakuwa 12, 13.5, 12, 14, 13. Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato badala ya mkato.

Mimi huona wastani wa siku moja au mbili haufai kulinganishwa na wa siku tatu, kwa sababu huyumba zaidi. Anayekubaliana nami aache mistari hiyo wazi:

```
=IF(COUNT(B$2:B2)<3,"",AVERAGE(INDEX(B:B,MAX(ROW(B$2),ROW()-2)):B2))
```

Fomula hizi hutazama mistari mitatu ya mwisho. Siku isiyoandikwa kitu inarukwa, na wastani unakuwa wa siku mbili zilizobaki. Siku ambayo ng'ombe hakutoa maziwa iandikwe 0, ndipo ihesabiwe.