Dadu mbili: kwa nini 7 inatoka mara nyingi kuliko 12

Kwenye ludo, dadu moja haina upendeleo: kila namba, kuanzia 1 mpaka 6, iko na nafasi sawa. Ukitupa mbili na kujumlisha, mambo yanabadilika.

Tuseme moja ni nyekundu, ingine nyeupe. Kila namba ya nyekundu inaweza kukutana na namba 6 za nyeupe, ni kusema njia 36 kwa jumla. 12 iko na njia 1 tu: 6 na 6. 7 iko na njia 6: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kisha hizo hizo kwa kugeuza rangi. Njo maana mwenye kuwekea 12 franka sawa na mwenzake wa 7 atajuta.

Kuna wachezaji wanaopatana hivi: tupa mbili, shika ile kubwa, acha ingine. Wengi wanafikiri nafasi ya kupata 6 na kutoa kete nyumbani inakuwa mara mbili, njia 12 kati ya 36. Hapana, ni 11, sababu 6 na 6 ilihesabiwa mara mbili. Na 1 inabakia na njia moja tu: lazima dadu zote mbili zionyeshe 1.

Hata hivyo tofauti ni kubwa. Mwenye dadu moja anangojea 6 kwa wastani mitupo 6. Mwenye kuchagua kati ya mbili, kidogo zaidi ya 3. Kama kanuni hiyo inapewa mtu mmoja peke yake, wengine wajue mbele ya kuweka franka.