Mvua Inayonyesha Ndani ya Gemu

Ken Perlin alishiriki kutengeneza picha za kompyuta za filamu ya Tron, iliyotoka mwaka 1982, na jambo moja lilimkera: kila kilichochorwa na mashine kilikuwa laini na safi kupita kiasi. Jibu lake likawa fomula inayotoa namba za nasibu zenye adabu, yaani ukisogea kidogo namba nayo hubadilika kidogo, hairuki ghafla. Mafundi huziita kelele. Mwaka 1997 zilimpatia tuzo ya ufundi kutoka kwa watoaji wa Oscar, na ndizo zinazoinua vilima vya Minecraft.

Tuchukue kisiwa cha gemu chenye upande wa mita 1,024. Kompyuta hukihifadhi kama ramani ya mwinuko: nukta 513 kwa 513, kila moja ikibeba namba moja tu, kimo cha ardhi mahali hapo. Kutoka nukta hadi nukta ni mita 2. Tabaka la kwanza la kelele lina mawimbi ya urefu wa mita 512 yanayopanda hadi mita 120, na hilo peke yake hutoa vilima vya mviringo visivyovutia. Juu yake huwekwa tabaka lenye nusu ya urefu na nusu ya kimo, kisha nusu tena, hadi la sita lenye mawimbi ya mita 16 na kimo kisichofika mita 4. Yakijumlishwa, mlima hupata mabega, na mabega hupata vinundu.

Kwa mbali kisiwa kinapendeza. Ukikimulika kwa jua la upandeni, lililo chini, uongo hujitokeza. Kwa kuwa urefu na kimo hupungua kwa kiwango kilekile, kila tabaka huchangia mteremko sawa, hivyo ardhi ina ukwaru uleule kileleni na bondeni. Tena kuna mashimo kila mahali ambayo maji yakiingia hayana pa kutokea. Fomula hukokotoa nukta bila kujua jirani yake yuko juu au chini, na mabonde ya kweli ni kazi ya maji yanayoshuka kutoka jirani kwenda jirani.

Kwa hiyo inabidi mvua inyeshe. Mwaka 1989 Ken Musgrave, Craig Kolb na Robert Mace walichapisha njia ya kuigiza mmomonyoko juu ya milima ya namna hii. Njia inayopendwa sasa na watengenezaji wadogo ni ya tone mojamoja. Tone huangushwa mahali popote, hupima mteremko, kisha husogea nukta moja kuelekea chini. Likienda kasi penye mteremko mkali lina uwezo wa kubeba udongo mwingi, basi huchimba. Likifika tambarare uwezo hushuka, basi humwaga ulichobeba. Baada ya hatua 30 hivi limekauka. Tone moja haliachi alama ya maana. Yakianguka 200,000, yale ya baadaye hufuata mikwaruzo ya yaliyotangulia, mikwaruzo huwa makorongo, makorongo hukutana, na chini hutandazwa udongo laini.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tone likichimba nukta moja tu, makorongo hutoka membamba kama nyufa. Dawa ni kusambaza uchimbaji kwenye nukta tatu kuzunguka pande zote. Tone likiangukia shimoni na kumwaga mzigo wote papo hapo, huota mwiba wa udongo mrefu kuliko kingo za shimo. Sharti lisimwage zaidi ya tofauti ya kimo iliyopo.

Kinachobaki ni rangi, na hiyo huja baada ya mvua, la sivyo mwamba utabaki umepakwa mahali ambapo genge limekwisha kuhama. Ramani ya splati ni picha ya kawaida ambayo wekundu, kijani, buluu na uwazi wake si rangi bali vipimo: hapa nyasi kiasi gani, mwamba, mchanga, changarawe. Katika programu ya Unity, picha moja hubeba tabaka nne hizo. Tuseme mwamba huanza kwenye mteremko wa digrii 30 na kutawala wote kwenye 45. Penye digrii 38 mwamba hupata 0.53, na nyasi 0.47. Jumla lazima iwe 1. Ikipungua, ardhi huonekana na madoa meusi. Mchanga hufuata kimo, jirani na bahari. Changarawe ina siri yake: wakati wa mvua, programu ilihesabu matone mangapi yalipita kila nukta, na hesabu hiyo ndiyo inayochora mikondo ya mito.

Gharama yake ni kwamba mmomonyoko hauwezi kufanywa kipande kwa kipande wakati mchezaji anatembea. Kelele hukokotolewa popote, wakati wowote, ndiyo maana dunia ya Minecraft huzidi kupanuka mbele ya mchezaji. Tone linahitaji mlima mzima juu yake. Kisiwa chetu basi hunyeshewa kabla, kwenye kompyuta ya mtengenezaji, na ramani yake huhifadhiwa ndani ya gemu. Kila kimo kikiandikwa kwa baiti mbili, ni kama nusu megabaiti.