Chemsha bongo ya karoseli: kila slaidi ina bei yake

Instagram ilianza kuruhusu picha 10 katika posti moja mwaka 2017, na mwaka 2024 ikapandisha kikomo hadi 20. Watengenezaji wengi wa chemsha bongo walilichukua ongezeko hilo kama mwaliko wa kuongeza maswali. Ukipiga hesabu, utaona kwamba swali la nne na la tano ndiyo yanayokula komenti zako.

Tuchukue mfano wa ukurasa wa jiografia unaotaka kuuliza kuhusu mipaka ya Tanzania. Mpango wa kwanza ni ule uliozoeleka: jalada, maswali matano na kila jibu kwenye slaidi inayofuata, kisha slaidi ya mwisho inayosema "andika umepata ngapi". Jumla ni slaidi 12, na anayeanza lazima atelezeshe mara 11 ndipo akutane na ombi la komenti. Mpango wa pili una slaidi 6 tu, nitaueleza hivi punde.

Tuseme posti imewafikia watu 2,000, nusu yao wakavuka slaidi ya kwanza, na kuanzia hapo kila slaidi ikawabakiza 9 kati ya 10. Hizi ni namba za kukadiria, ila sura yake ndiyo ya kawaida: wengi huachia mlangoni, kisha waliobaki hupungua kidogo kidogo. Kwa slaidi 12, wanaofika mwisho ni takriban 349. Kwa slaidi 6 ni 656. Sasa weka fedha. Kama mchoraji anatoza shilingi 5,000 za Tanzania kwa slaidi, mpango wa kwanza unagharimu 60,000, yaani shilingi 172 kwa kila mtu aliyefika kwenye ombi. Wa pili unagharimu 30,000, na kila mtu amekugharimu kama shilingi 46. Umelipa nusu, ukapata karibu mara mbili ya watu.

Ufupi peke yake hautoshi, kwa sababu jibu lililoko slaidi inayofuata lina tatizo lake. Mtu huandika komenti akiwa bado anashindana na swali. Ukimpa jibu kwa kidole kimoja, hamu hiyo inaisha palepale, na hana tena sababu ya kuandika. Lakini jibu hilohilo ndilo linalomfanya asevu. Komenti zinatoka upande wa swali, kusevu kunatoka upande wa jibu, na anayebuni lazima aweke nafasi kati ya hizo mbili.

Kuna sababu nyingine ya kuweka nafasi hiyo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, ameeleza hadharani kwamba mtu akiiona karoseli bila kutelezesha, mtandao huweza kumletea tena posti ileile ikianzia slaidi inayofuata. Ukiwa umeweka swali slaidi ya 1 na jibu slaidi ya 2, huyo aliyepita mara ya kwanza atakutana na jibu la swali asilolisoma. Ile nusu iliyoachia mlangoni ndiyo unayoipoteza mara ya pili.

Kwa hiyo mpango wa slaidi 6 unakwenda hivi. Slaidi ya 1 ndiyo swali lenyewe, bila jalada: "Ukihesabu mipaka ya nchi kavu na ya maziwa, Tanzania inapakana na nchi ngapi?" Chini yake chaguo nne: 6, 7, 8, 9. Slaidi ya 2 ni ramani isiyo na majina ya majirani, swali limerudiwa kwa maneno machache, na ombi: "Andika namba yako kabla hujatelezesha." Anayeletewa posti kwa mara ya pili akianzia hapa bado anakutana na fumbo. Slaidi ya 3 ndiyo jibu: nchi 8. Slaidi ya 4 inauliza ni mkoa upi unaogusa Uganda, Rwanda na Burundi. Slaidi ya 5 inajibu: Kagera. Slaidi ya 6 inauliza jambo lisilo na jibu sahihi: "Umewahi kuvuka mpaka upi, na ulipitia kituo gani?" Hata aliyekosa maswali yote mawili ana la kuandika hapo.

Swali la kwanza limechaguliwa kwa sababu wengi watasema 7. Wanaisahau Kongo, kwa kuwa mpaka wetu nayo uko ndani ya Ziwa Tanganyika tu. Kosa la namna hiyo ni zuri, maana aliyekosa anaona alipojikwaa, na anaweza kubishana akiwa na hoja. Lakini angalia maneno "na ya maziwa". Ukiyaondoa na kuandika "nchi kavu" peke yake, jibu sahihi linakuwa 7, na slaidi yako ya jibu inakuwa ya uongo. Ukiandika "mipaka" bila kufafanua, atatokea mtu atakayeitaja Komoro kwa mpaka wa baharini, naye atakuwa na haki. Komenti zitapanda, ila zitakuwa za kukusahihisha. Na posti ikishatoka unaweza kurekebisha maelezo ya chini, lakini picha yenye kosa huwezi kuibadilisha kwa nyingine. Utaifuta slaidi hiyo au uanze upya. Shilingi 30,000 zinaweza kupotea kwa neno moja.

Slaidi ya jibu ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Namba 8 peke yake haimpi mtu sababu ya kuisevu. Weka orodha ya majirani pamoja na vituo vya kuvukia: Namanga, Holili, Horohoro na Sirari kwa Kenya, Mutukula kwa Uganda, Rusumo kwa Rwanda, Kabanga kwa Burundi, bandari ya Kigoma kwa Kongo, Tunduma kwa Zambia, Kasumulu kwa Malawi, Mtambaswala kwa Msumbiji. Hapo msafiri ana kitu cha kurudia. Kwenye turubai ya piksel 1080 kwa 1350, simu yenye kioo cha upana wa sentimita 7 hivi hufanya herufi ya piksel 48 kuwa na kama milimita 3. Ukishuka chini ya 36 orodha hii haisomeki. Na kwa kuwa aliyesevu baadaye ataona picha ndogo ya slaidi ya kwanza tu, neno "mipaka" lionekane hapo kwa herufi kubwa.

Baada ya siku chache, gawanya komenti na idadi ya waliosevu kwa watu waliofikiwa, lakini kwanza toa majibu yako mwenyewe, kwani nayo huhesabiwa. Komenti 38 kati ya watu 2,000 ni asilimia 1.9, kama 14 ni zako, imebaki 1.2. Waliosevu wakiwa 60, hiyo ni asilimia 3. Waliosevu wakiwa wengi na komenti chache, jibu lako ni zuri ila swali halikumgawa mtu yeyote. Tafuta chaguo potofu lenye mvuto zaidi. Komenti zikiwa nyingi na waliosevu wachache, watu wamebishana na kuondoka mikono mitupu, basi kaiongeze nyama slaidi ya 3. Vyote viwili vikiwa chini, usiguse majibu kabisa: badilisha slaidi ya 1, kisha upime tena kwa mada nyingine yenye urefu uleule wa slaidi 6, ili ujue kilichobadilika ni swali wala si safari.