Kalamu, Karamu na Paa Mbili za Mombasa

Chukua neno kalamu. Toa l, weka r, na usiguse kingine chochote. Sasa una karamu, na chombo cha kuandikia kimegeuka kuwa shughuli ya kula na kunywa. Fanya hivyo kwa mahali, upate mahari. Maneno mawili yanayoachana kwa sauti moja tu, tena katika nafasi ileile, wanaisimu huyaita jozi ya mlinganuo finyu. Jozi hiyo ndiyo ushahidi kwamba katika Kiswahili l na r ni fonimu mbili, yaani sauti zenye uwezo wa kutenganisha maana.

Katika kutafuta jozi, sikiliza sauti, usihesabu herufi. Noa na ng'oa ni jozi halali ingawa moja ina herufi nyingi zaidi, kwa sababu ng' ni sauti moja, kama ilivyo n.

Sasa vuka mpaka uingie katika Kiganda. Huko l na r zote husikika, lakini zimegawana maeneo: r huja baada ya i na e, l huja kwingineko. Shina lenye maana ya "zuri" ni lilelile, ila mtu mzuri ni omulungi na kitu kizuri ni ekirungi. Huwezi kupata jozi ambamo l na r zinabadilisha maana, kwa kuwa haziingii katika nafasi moja. Basi hizo ni alofoni, sura mbili za fonimu moja. Ndiyo maana Mganda anayejifunza Kiswahili huweza kusema "amerala" badala ya "amelala", au kutamka mahari kama mahali. Wanaomcheka wanakosea. Hajachanganya ovyo; amefuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu kabisa, na mwalimu anayeijua kanuni hiyo anaweza kukisia ni maneno gani yatamsumbua.

Waswahili wenyewe nao hawasikii sawa. Kwa wengi wa bara, paa la nyumba na paa wa porini hutamkwa vivyo hivyo, na maana huamuliwa na maneno yanayofuata. Kwa msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, hayo ni maneno mawili: paa la nyumba hutamkwa kavu, na paa mnyama hutoka na mpumuo. Kaa la moto na kaa wa baharini huachana vivyo hivyo. Kwake mpumuo ni sehemu ya fonimu. Kwa mtu wa bara, p yenye mpumuo na isiyo nao ni p tu. Maandishi sanifu hayauonyeshi mpumuo huo, kwa hiyo kamusi haitakusaidia. Mwombe Mmvita ayatamke yote mawili, kiganja chake kikiwa mbele ya midomo: pumzi ya paa wa porini ataihisi kwa nguvu zaidi.