Kapu la Dakika Moja

Ukifungua chati ya bei ya bitikoini kwenye simu, unakuta mishumaa imepangwa mstari, mingine ya kijani, mingine myekundu. Ni rahisi kudhani soko ndilo linaloitoa hivyo. Sokoni hakutoki mshumaa hata mmoja. Kinachotoka ni miamala, mmoja mmoja kadiri watu wanavyouziana, na kila muamala una mambo matatu: muda, bei na kiasi. Muamala mmoja huitwa tiki. Mshumaa hutengenezwa baadaye, na aliyeutengeneza ndiye aliyeamua uanzie wapi na uishie wapi.

Tuchukue tiki sita za mfano, bei zikiwa ndogo ili hesabu ionekane. Ni saa 4 asubuhi, ambayo skrini huiandika 10:00. Safu ya kwanza ni muda, ya pili bei, ya tatu kiasi.

```
10:00:03   100   2
10:00:21   104   1
10:00:40    98   5
10:00:59   101   1
10:01:00   103   3
10:03:15   102   2
```

Kila dakika ni kapu. Ili kujua tiki inaingia kapu gani, kompyuta huchukua muda wake kwa sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970, kisha huondoa baki la kugawanya kwa 60:

```
mwanzo = t - (t % 60)
```

Kwa hesabu hiyo dakika huanza pale saa inapoanza dakika, si pale muamala wa kwanza ulipotokea. Anayeanza kuhesabu kwenye 10:00:03 atapata mishumaa isiyolingana na ya mtu mwingine yeyote.

Tiki nne za mwanzo zinaangukia kapu la 10:00. Bei ya kufungulia ni ya tiki ya kwanza, 100. Ya juu kabisa ni 104, ya chini kabisa 98, na ya kufungia ni ya tiki ya mwisho, 101. Kiasi hujumlishwa: 9. Kwa kuwa bei imefunga juu ya ilipofungulia, mshumaa ni wa kijani. Mwili wake mfupi unatoka 100 hadi 101, utambi wa juu unafika 104 na wa chini unashuka hadi 98.

Tiki ya 10:01:00 ni ya kapu la pili, kwa sababu dakika huchukua mwanzo wake na kuuachia mwisho wake dakika inayofuata. Ukiiingiza kote kuwili, kiasi kinahesabiwa mara mbili.

Kapu la 10:02 ni tupu. Hapo unaweza kuacha pengo, au kuchora kistari kwenye bei iliyofungia mwisho, 103, na kiasi 0. Usiandike bei 0, maana chati itaonyesha soko limeanguka hadi sakafuni ilhali hakuna aliyeuza wala kununua.

Kosa gumu zaidi kulitambua hutoka kwenye mtandao. Tuseme tiki ya 10:00:59 imechelewa njiani, ikafika baada ya ile ya 10:01:00. Programu inayofuata muda wa kupokea itaitia kapu la pili. Mshumaa wa kwanza sasa unafungia 98, na kijani kinageuka chekundu. Dawa ni kufuata muda uliogongwa na soko lenyewe, na kusubiri sekunde chache kabla ya kufunga kapu. Ili kujua kama umekosea, linganisha kiasi cha mshumaa wako na cha mshumaa uliotolewa na soko kwa dakika hiyohiyo. Vikitofautiana, kuna tiki iliyopotea, iliyojirudia au iliyoingia kapu lisilo lake.

Mshumaa wa siku nao una mpaka wake. Bitikoini huuzwa usiku na mchana, na masoko mengi hukata siku saa 00:00 ya UTC, ambayo Nairobi na Dar es Salaam ni saa 9 usiku. Ukikata siku usiku wa manane wa hapa, utapata bei nyingine za kufungulia na kufungia, ingawa tiki ni zilezile.

Hata mshumaa uliotengenezwa bila kosa hufuta jambo moja: mpangilio. Tuseme mtu alinunua kwa 100, akapanga kuuza kwa faida bei ikifika 104, au kukubali hasara ikishuka hadi 98. Mshumaa wa 10:00 unasema bei zote mbili ziliguswa, lakini hausemi ipi ilitangulia. Tiki zinasema: 104 ilikuja sekunde ya 21, 98 sekunde ya 40. Mtu huyo alipata faida. Kwa hiyo anayepima mbinu zake kwa bei za zamani azihifadhi tiki zenyewe. Mishumaa mitano ya dakika moja huunganishwa ikawa mmoja wa dakika tano, lakini hakuna hesabu inayorudisha mshumaa kuwa tiki.